Noti za safu mbili: kazi huanza mhadhiri akishatoka

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa vyuo huanza kuzungusha faili lilelile: karatasi iliyokwisha kuchorwa, safu nyembamba kushoto, safu pana kulia, na kisanduku cha muhtasari chini. Wenye steshenari jirani na vyuo nao wameshanusa biashara, wanazichapa na kuziuza kwa mafungu. Maelekezo yanayosindikiza karatasi hizo ni mafupi: jaza sehemu zote tatu mhadhara ukiendelea, zipitie ndani ya saa 24, utafaulu. Maoni yangu ni kwamba ushauri huu umechukua umbo la mbinu na kuacha kazi yake. Ukijaza sehemu zote tatu ukiwa bado umekaa darasani, umebaki na noti za kawaida zenye mistari miwili ya ziada. Safu ya kushoto imetengwa kwa ajili ya maswali yanayoandikwa baada ya kipindi, na kupitia ndani ya siku moja maana yake ni kutengeneza noti na kujiuliza maswali hayo, si kuzisoma upya.

Mbinu yenyewe, iitwayo noti za Cornell, ina mwenyewe. Walter Pauk alifundisha stadi za kusoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, Marekani, akaibuni katika miaka ya 1950 na baadaye kuieleza kwa kirefu katika kitabu alichowaandikia wanafunzi wa vyuo mwaka 1962. Vipimo vyake vilikuwa vya inchi. Kwa sentimita, safu ya kushoto ni 6 hivi, ya kulia 15, na nafasi ya muhtasari chini ni 5. Jumla ya upana inafika 21, yaani upana wa karatasi ya kawaida ya A4, kwa hiyo anayetumia kaunta buku hahitaji kununua kitu. Rula na kalamu vinatosha. Anayetumia daftari dogo la shule ndiye atakayebanwa, na kwake suluhisho rahisi ni kuacha ukurasa wote wa kushoto wazi kwa maswali na kuandika noti ukurasa wa kulia tu. Lakini vipimo havikuwa shabaha ya Pauk. Alipanga hatua zifuatane: andika kulia darasani, baadaye punguza yale uliyoandika yawe maswali au maneno machache ya kudokeza upande wa kushoto, kisha ziba upande wa kulia ujibu kwa sauti na kwa maneno yako, halafu tafakari, na urudie mara kwa mara. Katika hatua zote hizo, ni ya kwanza tu inayofanyika mhadhiri akiwa mbele yako.

Nina mpwa wangu anayesomea utabibu katika chuo kimoja cha afya. Likizo iliyopita alinionyesha daftari lake kwa fahari, kila ukurasa umepigwa mistari kwa kalamu ya rangi, kushoto vichwa vya habari, chini muhtasari. "Mjomba, hapa huwezi kukuta kosa," akaniambia. Nikamwomba anieleze ukurasa wa mzunguko wa vimelea vya malaria, mada aliyofundishwa jana yake, kabla tu ya kufunga chuo. Kushoto alikuwa ameandika "Hatua ya ini", chini yake "Hatua ya damu". Kulia, pembeni ya neno ini, palikuwa na mshale na "saa 48". Ukiusoma ukurasa ule kama ulivyo, utaamini kwamba vimelea hukaa ini kwa siku mbili. Si kweli. Kwa kimelea aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kinachosababisha malaria nyingi kwetu, hatua ya ini huchukua siku 6 hivi na mgonjwa hahisi chochote. Hizo saa 48 ni za mzunguko wa ndani ya chembe nyekundu za damu: kimelea kinaingia, kinazaliana, chembe inapasuka, homa inapanda, na vimelea vipya vinaingia chembe nyingine.

Jambo lililonivutia ni jinsi kosa lilivyogundulika. Sikumsahihisha. Nilimwambia afumbe daftari anisimulie alichosikia, naye alipofika kwenye homa akasita, akakumbuka kwamba mhadhiri alipiga kofi mezani aliposema chembe zinapasuka, na kwamba ile "saa 48" aliiandika haraka wakati huohuo, ila mkono ulikuwa bado kwenye mstari wa juu. Akafungua, akavuta mshale upya hadi mahali pake. Jibu lilikuwa kichwani, halikuwa daftarini. Wiki tatu baadaye lile kofi la mezani lingekuwa limefutika, na daftari ndilo lingebaki shahidi pekee, shahidi wa uongo. Hii ndiyo sababu yenye nguvu ya kupitia noti ndani ya siku moja, nayo haitajwi sana: noti za darasani huandikwa kwa haraka, zina mishale isiyo na mwisho, vifupisho vya dharura na sentensi zilizokatika, na mtu pekee anayeweza kuzitengeneza ni yule anayekumbuka bado chumba, sauti na mpangilio wa maelezo. Kumbukumbu hiyo ya mazingira huondoka mapema kuliko somo lenyewe.

Baada ya matengenezo inakuja safu ya kushoto. Kichwa kama "Hatua ya ini" hakiulizi kitu. Ukiziba upande wa kulia na kukitazama, utajisikia unakijua, kwa sababu maneno si mageni. Tulikifuta tukaweka swali: "Mtu ameumwa na mbu mwenye malaria jana. Kwa nini kipimo cha damu leo hakioni kitu?" Sasa huwezi kujidanganya. Ama unaweza kusema kwamba vimelea bado vimejificha ini, havijaingia kwenye damu inayopimwa, na itapita karibu wiki kabla havijaingia; ama huwezi. Swali la pili likawa: "Saa 48 ni za nini?" Ukurasa mzima wa mada ile ulitoa maswali manne, na sidhani ungestahili zaidi ya sita. Anayeandika maswali kumi na tano kwa ukurasa mmoja amehamisha noti zote kushoto na kuziwekea alama ya kuuliza. Mwishoni muhtasari wake wa zamani, ambao ulikuwa nakala ya slaidi ya mwisho, aliuandika upya daftari likiwa limefunikwa: vimelea hupitia ini kwanza bila dalili, kisha huingia chembe nyekundu. Homa na kipimo vyote hutegemea hatua ya damu. Sentensi mbili. Kazi yote ilikula dakika 20, pamoja na kunywa chai.

Kwa upande wetu kuna faida ambayo nadhani Pauk hakuwahi kuiwaza. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepita shule za serikali amesoma msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia sekondari masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Akifika chuo, mara nyingi huandika maneno ya mhadhiri neno kwa neno kwa sababu hana muda wa kuyaelewa na kuyafupisha kwa pamoja. Si uvivu, ni njia ya kujiokoa. Safu pana ya kulia inaweza kuyapokea yale maneno kama yalivyo, Kiingereza chake chote, na safu ya kushoto ikawa mahali pa kuuliza kwa Kiswahili. Kumtaka ajibu kwa Kiswahili swali ambalo noti zake ziko Kiingereza kunafichua haraka sana kama alielewa au alinakili, maana tafsiri haiji bila maana. Ila mtihani utakuwa kwa Kiingereza, hivyo jibu linahitaji kusemwa mara ya pili kwa lugha ya mtihani. Hapo kuna gharama, na sitaki kuificha, lakini naiona ni ndogo kuliko ya kukariri aya usiyoielewa.

Watetezi wa mbinu hii nao wanajiharibia kwa hoja moja dhaifu, ile inayosambazwa pamoja na faili: kwamba utafiti umethibitisha mtu husahau karibu theluthi mbili ya mhadhara ndani ya saa 24. Chanzo chake ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha majaribio yake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio mwenyewe, na alichojifunza si mihadhara bali orodha za silabi zisizo na maana yoyote. Wala hakupima asilimia ya alichokumbuka. Alipima muda aliookoa alipojifunza orodha ileile upya. Baada ya siku moja aliokoa kama theluthi moja ya muda, na baada ya mwezi aliokoa bado kama sehemu moja ya tano. Mtu akigeuza hapo na kusema "theluthi mbili ya mhadhara imepotea" amebadilisha kilichopimwa na aliyepimwa kwa mpigo. Maelezo yenye maana, yanayoshikana na unachokijua tayari, hayasahauliki kwa kasi ya silabi zile. Umbo la mteremko ni la kweli: usahaulifu huwa mkali mwanzoni, kisha hupungua. Lakini hakuna ukuta kwenye saa ya 24. Aliyechelewa hadi saa ya 30 hajapoteza kila kitu, na kumtisha kwamba amepoteza kunamfanya aache kabisa.

Hoja yao iliyo imara ni nyingine, nayo inahusu lile tendo la kuziba na kujibu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi aya fupi za kusoma. Baada ya kuisoma, kundi moja liliisoma tena, na kundi lingine likaandika kila ililokumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walishinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Zitazame dakika 5 zile. Mwanafunzi anayesoma noti zake mara mbili usiku hulala akijiona yuko sawa kuliko mwenzake aliyehangaika kujibu maswali akakosa nusu, na kwa usiku ule hajakosea. Ndiyo maana kurudia kusoma hakuachwi kirahisi: thawabu yake hulipwa papo hapo, na hasara huja siku ya testi.

Wapinzani wana hoja tatu ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, inasema noti zimepitwa na wakati kwa kuwa mhadhiri atatuma slaidi na wakubwa wa mwaka wa juu watakuachia madesa. Slaidi ni mifupa ya mhadhara. Mhadhiri mwenye busara huweka humo vichwa na michoro, kisha nyama anaisema kwa mdomo: sababu, mfano, tahadhari ya kosa ambalo kila mwaka watu hulifanya. Lile kofi la mezani halimo kwenye slaidi. Desa nalo ni jibu la maswali ya mtu mwingine. Huwezi kujua alielewa nini, wala mshale wake wa saa 48 aliuweka wapi. Hata hivyo hoja hii ina punje ya ukweli inayofaa kutumiwa. Kama slaidi zinakuja mapema, usizinakili. Zichapishe au zifungue kwenye simu, na safu ya kulia iandike yale tu ambayo slaidi haina. Utaandika robo ya ulivyokuwa ukiandika, na utasikiliza zaidi.

Hoja ya pili ni nzito, na ninaikubali kwa sehemu kubwa. Majaribio yaliyolinganisha mpangilio wa Cornell na noti za kawaida hayajatoa jibu moja. Mengine yameona faida ndogo, mengine hayakuona tofauti ya alama. Tena mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipopitia ushahidi wa mbinu kumi za kujifunza, kujipima na kutawanya marudio vilipewa daraja la juu, na kuandika muhtasari kukawekwa daraja la chini pamoja na kupiga mistari na kurudia kusoma. Sababu mojawapo ya muhtasari kushuka ni kwamba wanafunzi wengi hawajafundishwa kuuandika vizuri. Basi ile sehemu ya chini ya ukurasa, ambayo karatasi za kuuzwa huipamba kuliko zote, ndiyo yenye ushahidi hafifu. Hilo halinisumbui, kwa sababu sijawahi kuamini kwamba mstari uliochorwa hufundisha mtu. Ukimpa mtu karatasi yenye safu mbili naye asizibe upande mmoja akajijibu, umepima rula. Muhtasari nauacha kwa kazi ndogo tu: ukishindwa kuuandika bila kuchungulia, umejua kwamba vipande unavyo ila hujui vinaunganaje. Mwenye haraka auache, asiache maswali.

Ya tatu ni muda. Mwanafunzi mwenye vipindi vitatu kwa siku atahitaji saa nzima jioni, na wengi wanapanga mbali na chuo, wanagombania daladala, wanapika, umeme unaweza kukatika. Siwezi kuibeza. Lakini saa hiyo inaweza kuvunjwavunjwa. Matengenezo ya noti ni ya haraka na ndiyo yanayooza, kwa hiyo yafanywe mapema, hata dakika 5 ukiwa umesimama nje ya ukumbi ukimsubiri mhadhiri wa kipindi kingine. Maswali yanaweza kungoja jioni. Kujijibu kwa sauti hakuhitaji meza wala taa. Kunafanyika ukiwa unatembea na daftari kwapani. Na kama siku imekushinda kabisa, chagua kipindi kimoja kilichokuchanganya zaidi, vingine vitengeneze tu mishale.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Mapitio ya ndani ya siku moja hayatoshi, na kwa mtihani wa mbali si hata marudio bora zaidi. Nicholas Cepeda na wenzake, katika jaribio la mwaka 2008 lililohusisha watu zaidi ya 1,000, walitafuta pengo linalofaa kati ya kujifunza na kurudia. Mtihani ulipokuwa siku 7 baada ya marudio, pengo la siku 1 hivi lilifaa. Ulipokuwa siku 35 mbele, pengo bora lilisogea hadi siku 11 hivi, na kwa siku 70 likafika wiki tatu. Pengo linarefuka kadiri mtihani unavyokuwa mbali. Muhula wa chuo una wiki 15 hivi, kwa hiyo mhadhara wa wiki ya pili unaotegemewa kwenye mtihani wa mwisho unataka marudio ya kama wiki ya tano, sita. Hapo ndipo thamani ya kazi ya siku ya kwanza inapoonekana: ukifika wiki ya sita unakuta maswali manne yaliyokwisha kuandikwa na noti zisizo na mshale wa uongo, unaziba, unajibu kwa dakika 5, unaweka alama kwenye uliloshindwa na kurudi kwa hilo tu. Asiyetengeneza noti siku ile atakutana wiki ya sita na "saa 48" yake na kuirudia kwa bidii, na kila anavyojipima ndivyo kosa linavyozidi kukaa.

Si kila somo litakubali. Katika hesabu, fizikia ya milinganyo au uhasibu, mhadhiri akitatua swali ubaoni, safu ya kulia inapaswa kubeba hatua zote kama zilivyo, na safu ya kushoto iulize sababu ya hatua moja: kwa nini hapa aligawa, kwa nini kiasi hiki kimehamia upande wa mkopo. Marudio yake ni kuzitatua upya kwenye karatasi tupu, si kuzieleza kwa mdomo. Kwenye maabara na wodini safu mbili hazina nafasi kabisa. Mikono ina kazi nyingine.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Utaratibu wa kawaida ni kuuliza "Kuna swali?" dakika ya mwisho, wakati watu wameshafunga mabegi na hakuna aliyegundua bado asichokielewa. Maswali ya kweli huzaliwa jioni, kwenye matengenezo. Mpwa wangu aliporudi chuo alikuwa na moja aliloshindwa kulijibu na mimi sikuweza kumsaidia: kama vimelea vimo ini siku 6 bila dalili, dawa ya mseto anayomeza mgonjwa inavifikia vilivyo ini au vilivyo kwenye damu tu? Aliliandika kushoto kwa Kiswahili, akaacha kulia pakiwa wazi, akasubiri kipindi cha Jumatatu saa mbili asubuhi.